Polo lililoshonwa mara mbili: chakula cha kuku nilichouziwa Mwanakwerekwe

Naandika hasira zikiwa bado za moto. Nina kuku mia moja wa mayai hapa Fuoni, Unguja. Kabla ya mfungo nilinunua mapolo matatu ya chakula chao kwa muuzaji mmoja wa Mwanakwerekwe ambaye nilikuwa namwamini. Chapa ni ile ile niliyoitumia tangu nianze kufuga, na lebo yake inasema protini asilimia 17. Nilikuwa naokota mayai themanini na nne, themanini na tano kwa siku. Siku ya tisa nikaokota sitini na sita, tena madogo, na kuku wenyewe wameanza kudonoana manyoya ya mgongoni mpaka ngozi inaonekana nyekundu.

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kideri. Nikamwita bwana mifugo, akaangalia vinyesi na macho ya kuku, akaniuliza chanjo na maji, halafu akaenda kuinamia chombo cha kulia. Akachota kilichobaki chini, akakipuliza kiganjani. Yalibaki makumvi ya mpunga, makavu, ya rangi ya dhahabu, yametengwa na kuku mmoja mmoja kama mtu anavyochagua mawe kwenye mchele. Akaniambia, "Bi mkubwa, hawa hawaumwi. Hawa wana njaa na chombo kimejaa."

Maneno hayo yaliniuma sana. Siku tisa nimewajazia chombo asubuhi na jioni nikidhani nawalisha.

Usiku huo niliandika kwenye kundi letu la wafugaji kwamba chapa hiyo ni ya wezi na mtu asiinunue. Sasa naifuta kauli hiyo, na nitaeleza kwa nini. Mpwa wangu alikuwa na polo la chapa hiyo hiyo alilolichukua kwa wakala anayepokea mzigo moja kwa moja kutoka bandarini Malindi. Tukachota vijiko vitatu kwake na vijiko vitatu kwangu, kila chakula kwenye glasi yake ya maji, tukakoroga, tukaacha kama dakika kumi. Glasi yake ilikuwa na utando mwembamba wa pumba juu na chembechembe nyeupe chini. Yangu ilikuwa na tabaka nene la makumvi yanayoelea, karibu upana wa kidole, na chini mashapo mengi zaidi kuliko yake.

Kilicho chini ya glasi kisikudanganye. Chakula cha kuku wa mayai lazima kiwe na chokaa au makombe yaliyosagwa kwa ajili ya ganda la yai, kwa hiyo glasi nzuri nayo ina kitu chini. Tulimwaga maji, tukakamulia ndimu. Ya mpwa wangu ilitoa mapovu karibu yote, kwa sababu chokaa huchemka ikikutana na ukali wa ndimu. Yangu ilitoa mapovu kidogo ikanyamaza, na kilichobaki nilikisugua kwa vidole. Mchanga. Basi hapo nikaelewa kwa nini polo la tatu, ambalo sijalifungua, lilikuwa na kilo hamsini kamili kwenye mizani. Makumvi ni mepesi, ukichanganya peke yake polo linajaa lakini halina uzito. Mchanga ndio unaorudisha uzito. Kwa hiyo mizani ya dukani haikulindi na lolote.

Hesabu yake ni hii. Kuku wangu mmoja anakula kama gramu 115 kwa siku. Kwa asilimia 17 anapata karibu gramu kumi na tisa na nusu za protini, inamtosha mwili na yai. Ukitoa robo ya chakula ukaweka makumvi, ambayo protini yake ni kama asilimia tatu tu, polo zima linashuka mpaka asilimia kumi na tatu na nusu. Gramu kumi na tano na nusu. Ukiongeza mchanga, inashuka zaidi. Kuku hapo anajilinda kwanza yeye, yai linasubiri.

Na ushahidi ulikuwa mdomoni mwa polo siku zote, sikuutazama. Kiwandani wanashona kwa mashine, mshono wa mnyororo, nyuzi zake ukiipata ncha sahihi ukaivuta zinafumuka kwa mkupuo mmoja. Kikaratasi cha aina ya chakula na tarehe hushonewa humo humo. Polo langu la tatu lina uzi mwingine, mnene zaidi, umepitishwa kwa shazia. Pembeni ya kila tundu lenye uzi kuna tundu dogo jingine tupu. Kikaratasi kimechanika kona, kimerudishwa juu ya mshono badala ya ndani yake. Lilifunguliwa, likajazwa, likashonwa.

Nikalibeba mpaka kwa yule muuzaji. Hata kulitazama hakulitazama. Mbele ya wateja akasema, "Bi mkubwa, kuku wako wamezeeka, usinitafutie ubaya." Kuku wangu wana wiki arubaini! Nikamwonesha matundu, akageuka kumhudumia mwengine, na kijana wake akanisukumia polo nje ya kizingiti kwa mguu. Pesa sikutaka tena. Nilitaka aseme neno moja tu la kiungwana, hakulisema. Wallahi, hilo la mguu limeniuma kuliko mayai.

Kwa hiyo chapa ni nzuri? Nilikuwa nataka kusema nzuri kabisa. Lakini kila nikiliangalia polo naona wenye chapa nao wana lao. Polo limechapwa moja kwa aina zote, la vifaranga na la wakubwa ni lile lile, na kinachotofautisha ni kile kikaratasi peke yake. Kikichanika hujui umenunua nini wala lini. Hata hivyo lebo yao naiheshimu kwa jambo moja: wanaandika protini isiyopungua 17, na nyuzinyuzi za makumvi na pumba zisizozidi kiasi fulani, na chokaa. Kuna chapa nyengine pale pale inayojitangazia protini 20 kwa kuku wa mayai, nyuzinyuzi haizitaji kabisa. Mimi hiyo siitaki. Protini ya kwenye lebo hupimwa kwa naitrojeni, na mtu akitia mbolea ya urea kidogo, namba inapanda wakati kuku hafaidiki na chochote. Glasi ya maji haikuoneshi hilo, urea inayeyuka. Bora 17 ya kweli yenye maelezo yote.

Nimebaki na chapa yangu, nanunua kwa wakala wa mpwa wangu. Yeye mwenyewe alinipa ncha ya uzi nivute mbele yake, mshono ukafumuka wote mpaka mwisho, nikachota kiganja nikakipuliza pale pale. Hakukasirika. Aliniambia tu nisinunue kamwe kwa kilo kutoka polo lililo wazi, hata kwake yeye.

Wiki ya tatu sasa naokota sabini na tisa. Migongo bado haijaota manyoya. Polo la tatu liko stoo, sijalifungua. Jirani yangu naye ananunua kwa yule yule, na jana jioni alikuja na taa ya simu kuyatazama yale matundu.