Uzoefu wangu na WizTree: nilivyojua kilichojaza diski ya GB 256 kabla ya kununua kubwa zaidi

Kompyuta mpakato ninayoandalia taarifa na video fupi za ofisini ina diski ya SSD ya GB 256. Ilipobakiwa na nafasi ya GB 8, muuzaji mmoja alinishauri nichukue mara moja kompyuta yenye diski ya TB 1. Nilisita, kwa sababu folda ninazozifungua kila siku, yaani Documents, Pictures, Downloads na Videos, zilikuwa na GB 70 kwa jumla, ilhali Windows ilisema GB 229 zimekwisha kutumika. Nilitaka nijue kwanza hizo GB 159 nyingine ni za nani.

Kuna tofauti moja isiyo na haja ya kutafutiwa mchawi. Mtengenezaji wa diski huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, lakini Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, na kwa hiyo diski ya 256 huonekana kuwa na 238. Ukitoa na sehemu ndogo zilizotengwa kwa ajili ya kuwasha na kurekebisha mfumo, kwangu zilibaki 237.

WizTree ni programu ya Windows inayoonyesha ni folda na faili zipi zimekula nafasi ya diski. Ni ya bure kwa matumizi binafsi; kampuni hutakiwa kulipia leseni. Kinachoitofautisha na nyingi za aina yake ni kwamba haipiti folda moja baada ya nyingine, bali husoma moja kwa moja jedwali ambalo NTFS, mfumo wa faili wa diski za Windows, hutunzia orodha ya faili zote, na ndiyo maana diski yangu nzima ilimalizika kusomwa kabla sijaweka kikombe chini. Sharti lake ni kuifungua kwa mamlaka ya msimamizi. Usipoyatoa, hurudia njia ndefu na hushindwa kuingia kwenye folda za mfumo. Diski ya nje iliyoandaliwa kwa mfumo mwingine wa faili, exFAT, pia huisoma kwa njia hiyo ndefu, kwa kuwa jedwali hilo ni la NTFS.

Upande wa kushoto folda hupangwa kuanzia iliyo kubwa zaidi, na chini huchorwa vipande vya rangi ambavyo ukubwa wa kila kimoja hulingana na ukubwa wa faili. Kwangu, Windows ilikuwa na GB 27, programu GB 23, ProgramData 7, System Volume Information 9, pagefile.sys 5 na hiberfil.sys 6. Hesabu hiyo yote ni 77. Zilizosalia, GB 152, zilikuwa ndani ya Users, na zaidi ya nusu yake, GB 82, zilijificha katika AppData, folda ambayo Windows haiionyeshi mpaka uiagize.

Nilipoifungua AppData nilikuta folda mbili zenye uzito. Ya kwanza ilikuwa MobileSync\Backup, yenye GB 44: nakala rudufu ya iPhone niliyokwisha kuiuza. Ndani yake kuna folda yenye jina refu la herufi na tarakimu, na ndani ya hiyo kuna folda ndogo nyingi zinazoanzia 00 hadi ff, kwa hiyo hata mtu akiifikia hawezi kutambua picha zake. Nakala hiyo niliiondoa kupitia iTunes yenyewe, katika orodha ya vifaa iliyomo kwenye mapendeleo yake. Ya pili ilikuwa Media Cache Files ya Adobe, GB 23, ambayo ni faili za muda ambazo programu ya kuhariri video hujitengenezea ili kusoma sauti na picha kwa haraka. Hizo hufutwa ndani ya programu hiyo, Premiere, lakini ukifungua mradi wako kesho hutengenezwa tena. Tofauti ya folda hizi mbili ndiyo iliyoniongoza baadaye: ile ya kwanza ilikuwa mzigo uliokufa, na hii ya pili ni gharama ya kazi, ambayo lazima itengewe nafasi katika diski yoyote nitakayonunua.

Udhaifu mkubwa wa WizTree ni kwamba inakuonyesha ukubwa tu, haikuambii kipi kinafaa kufutwa, na kitufe cha kufuta kiko hapo hapo. Folda ya Windows\Installer, kwa mfano, huwa kubwa na huonekana kama masalia, kumbe Windows huihitaji inapoondoa au kusasisha programu. Jambo jingine la kuangaliwa ni safu mbili za Size na Allocated. Faili za OneDrive ambazo hazijashushwa huonyesha ukubwa wake kamili katika safu ya kwanza na sifuri katika ya pili, kwa hiyo anayesoma safu ya kwanza peke yake atailaumu folda ambayo haijala chochote.

Faili ya hiberfil.sys huhifadhi yaliyomo kwenye RAM kompyuta inapolala kwa kina, na kwa kawaida huchukua asilimia 40 ya RAM. Yangu ni GB 16, ndiyo sababu ya zile 6. Niliipunguza kwa kuandika amri hii katika Command Prompt iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi; huondoa usingizi huo wa kina lakini hubakiza uwezo wa kuwaka haraka:

```
powercfg /h /type reduced
```

Baada ya usafi huo sikukimbilia dukani. WizTree huweza kutoa orodha yake yote kama faili ya CSV, nami nikaihifadhi, kisha nikatoa nyingine baada ya miezi mitatu na kuzilinganisha. Faili zangu zilikuwa zimeongezeka GB 12, yaani GB 4 kwa mwezi. Nadhani hiyo ndiyo namba ambayo wengi wetu hatuiulizi tunaponunua. Tunatazama diski ilivyojaa leo, ilhali kujaa kwa leo kumechanganya kazi, takataka na simu zilizouzwa.

Kompyuta ninayotaka kununua nitakaa nayo miaka 4, na miezi 48 kwa GB 4 ni GB 192. Mfumo na programu nimeziachia 77 zile zile, faili zangu za sasa 70, mabaki ya AppData 15, na faili za muda za video 30. Jumla ni GB 384. Diski ya 512 huonekana kuwa na GB 476 hivi, kwa hiyo mwishoni mwa miaka hiyo itabaki na karibu moja ya tano ikiwa wazi. Ziada hiyo naihitaji, kwa kuwa SSD nyingi hupungua kasi ya kuandika zinapokaribia kujaa, na sasisho kubwa la Windows huacha folda ya Windows.old, ambayo hukaa siku 10 kabla ya kufutwa yenyewe. TB 1 ningeichukua iwapo video ghafi zingekaa ndani ya kompyuta, lakini zangu hukaa diski ya nje.

Kabla ya kulipia 512 nilimtaka muuzaji anifungulie kifuniko cha chini. Mashine ya kwanza ilikuwa na diski iliyolehemiwa kwenye ubao, na kwa hiyo ukubwa unaonunua ndio utakaokufa nao. Kwa hiyo ningelazimika kufikiria TB 1. Ya pili ilikuwa na diski ya M.2 iliyofungwa kwa skrubu moja, ambayo huweza kutolewa na kubadilishwa. Hiyo ndiyo niliyoichukua, ikiwa na GB 512.