Prompti ya kwanza ya sebule: uzoefu wangu na programu ya kutengeneza picha

Kazi yangu ni kupanga nafasi za ndani, na kwa muda sasa nimekuwa nikilipia programu ya akili mnemba inayogeuza maandishi kuwa picha. Ninaitumia hasa hatua ya mwanzo kabisa, pale mteja anapotaka kuona sura ya sebule kabla hatujachora chochote cha maana. Kwa kazi hiyo ninaipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki nitaieleza huko chini.

Programu yenyewe haina ugumu, tatizo ni kile kisanduku cheupe cha kuandikia prompti, yaani maelezo ya picha unayoitaka. Wengi wakikiona wanaandika hivi: sebule nzuri ya kisasa, ya kifahari, yenye mwanga mzuri, mbao, marumaru, shaba, picha ya ubora wa juu kabisa. Inakuja picha inayong'aa, lakini ni sebule ya mtu mwingine. Maneno kama “nzuri” na “kifahari” hayasemi dirisha liko wapi wala kochi limeegemea ukuta gani, kwa hiyo programu inajaza mapengo kwa kile ilichokiona mara nyingi zaidi: madirisha toka sakafuni hadi darini, kochi la rangi ya krimu, taa kubwa inayoning'inia katikati.

Mpangilio ninaoutumia ni chumba kwanza, kisha vitu na malighafi zake, kisha mwanga, kamera mwisho. Ninaandika kwa Kiingereza, maana programu ninayotumia inakielewa vizuri zaidi. Hii ni sebule ya mstatili, upana wa mita 4, dirisha moja kubwa upande wa kushoto, kochi kwenye ukuta wa mbele ya kamera:

```
Interior photo of a rectangular living room,
one large window on the left wall.
Grey linen sofa against the back wall, low oak coffee table,
matte white plaster walls, pale oak floor.
Soft morning daylight from the left window.
Straight-on view, camera at chest height, 24mm lens.
```

Sentensi ya kwanza inasema hii ni picha ya ndani, ya sebule, yenye umbo hili na tundu hili la mwanga. Ukianza na mwanga au hisia, mara nyingi unaletewa picha ya hisia: pazia linapepea, kona ya kochi, kikombe mezani, na chumba chenyewe hukioni. Zaidi ya hapo, baadhi ya programu zina kikomo cha urefu. Stable Diffusion toleo la 1.5, kwa mfano, kisomaji chake cha maandishi kinachukua tokeni 77, yaani maneno au vipande vya maneno, kwa mkupuo, mbili kati ya hizo zikiwa alama za mwanzo na mwisho. Kitakachozidi hapo hukatwa au hugawanywa, kutegemea unaitumia kupitia programu gani. Afadhali kikatwe kivumishi cha mwisho kuliko dirisha.

Kwenye malighafi, kila moja ipewe mwenyewe. Kitani ni cha kochi, mwaloni ni wa meza na sakafu, plasta ni ya kuta. Ukizimwaga kwa mkupuo, kitani, mwaloni, shaba, kijani, basi rangi zinavuja: kijani ulichokikusudia kwa mto mmoja kinapanda ukutani, shaba inahamia miguu ya kila kiti. Ukiona rangi moja imejitokeza sehemu tatu ambazo hukuzitaja, ujue kuna kivumishi kilichoachwa bila nomino. Malighafi nne au tano zinatosha kwa prompti ya kwanza.

Neno ambalo watu hulisahau ni lile la umaliziaji wa uso. Sakafu ya mwaloni isiyong'aa na sakafu hiyohiyo iliyopigwa vanishi ni vyumba viwili tofauti, kwa sababu ile ya vanishi inaakisi dirisha na kutengeneza ukanda mweupe hadi miguuni pa kochi. Ndiyo maana ninaweka malighafi kabla ya mwanga: nikifika kwenye mwanga ninajua utaangukia nini.

Mwanga nao unahitaji chanzo, upande na ukali. Nimeandika mwanga laini wa asubuhi kutoka dirisha la kushoto, na dirisha la kushoto lipo tayari kwenye sentensi ya kwanza. Hapo ndipo pa kukagulia picha ikitoka. Tazama kivuli cha meza: kama dirisha liko kushoto, kivuli kilale kulia. Kikilala mbele, au vikawa viwili, programu imebuni chanzo kingine nje ya fremu. Mara nyingi kosa liko kwenye maandishi, mtu ameomba mwanga laini na miale mikali ya jua kwa wakati mmoja. Na usiandike “bila taa za dari”. Programu nyingi za aina hii hazisomi ukanushaji vizuri. Ukitaja taa, taa inakuja. Kama kuna kisanduku cha vitu visivyotakiwa, ziandike humo. Kama hakipo, usizitaje kabisa.

Kamera imewekwa mwisho, lakini ndiyo inayoamua kama yote uliyoandika yataonekana. Hesabu ni rahisi. Kwa kamera yenye kihisi cha upana wa milimita 36, upana unaoonekana ni 36 gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita inayotajwa nayo, mara umbali. Ukisimama mita 4 kutoka ukuta wa kochi, lenzi ya milimita 24 inaona mita 6: ukuta wote wa mita 4 na vipande vya kuta za pembeni, dirisha likiwemo. Lenzi ya milimita 50 kutoka palepale inaona mita 2.88. Kochi litajaa fremu na dirisha litabaki nje, kisha mtu analalamika kwamba programu imepuuza dirisha lake. Programu haipigi hesabu hiyo. Inaiga picha zilizowahi kuandikiwa milimita 24. Hata hivyo inatosha kuisogeza upande unaoutaka. Chagua pia fremu iliyolala, 3 kwa 2, kwa sababu ya mraba inazikata kuta za pembeni.

Kimo cha kifua kinasaidia mistari ya wima isimame wima. Kamera ikiinuka na kutazama chini, kuta zinaonekana zinakutana kuelekea sakafuni. Jihadhari pia na kuandika “kutoka mlangoni”: mara nyingi unapata fremu ya mlango imekula theluthi ya picha.

Nikishapata picha yenye chumba sahihi, ninafunga namba ya mbegu, ile inayoandikwa `seed` na ambayo programu huanzia kuchora picha, ndipo nabadilisha mstari mmoja tu. Nikigeuza asubuhi kuwa jioni, chumba kinabaki karibu kilekile na ninaweza kulinganisha mwanga kwa haki. Bila kuifunga, kila jaribio ni sebule mpya, na hujui kilichobadilisha picha ni neno lako au bahati.

Sasa ile nyota iliyokosekana. Vipimo haivijui. Ukiandika mita 4 kwa 5 unaweza kupata ukumbi, na kochi la watu watatu kwenye picha moja linakuwa la watu wanne kwenye nyingine. Niliwasiliana na huduma yao kwa wateja kuhusu hili nikajibiwa niongeze maelezo zaidi, jibu ambalo halina msaada, maana maelezo yakizidi ndipo vitu vinapoanza kudondoka. Kwa hiyo picha hizi ninazionyesha kwa ajili ya malighafi na mwanga tu. Mteja akiuliza kama kabati lake litaingia pale kando ya dirisha, ninafunga programu na kuchukua futi.