Tableti ya kusomea kitandani: mwulize muuzaji habari za kioo kabla ya bei

Mwaka jana nilitoa laki nane na nusu taslimu kwenye duka moja la ghorofani katikati ya Kampala, nikarudi nyumbani na iPad mini ya kizazi cha tano, iliyotumika lakini haina mkwaruzo hata mmoja. Usiku nikaingia ndani ya chandarua, nikazima taa, nikafungua kitabu. Ukurasa ukaniwakia usoni kama taa ya boda. Mume wangu akageukia ukutani: "Mama Salma, kumekucha?"

Nikavuta mwangaza hadi mwisho. Weupe ukabaki uleule wa kibuluu. Nikafungua kidirisha cha kona ya juu kulia, nikashikilia alama ya jua mpaka vitufe vyake vikatokea. Dark Mode ipo, Night Shift ipo. True Tone, inayolinganisha weupe wa ukurasa na mwanga wa chumba, ambayo ndiyo iliyonifanya nitafute mini ya tano na si ya nne, haikuwepo.

Fundi aliiangalia dakika mbili tu: kioo kimebadilishwa. Kila kioo cha asili huja na vipimo vyake vya rangi, na tableti huvitegemea ili ijue weupe wake uanzie wapi. Kikifungwa kioo kingine bila kuhamisha vipimo hivyo, mara nyingi True Tone hutoweka. Picha zinaonekana vizuri, mguso unafanya kazi, wala dukani hutagundua. Niliporudi kulalamika nikajibiwa, "Kwani madam, haiwaki?"

Tangu niwasimulie kisa hiki, wasomaji kadhaa wameniuliza wanunue nini. Sitazungumzia kamera wala kasi. Wewe unataka kusoma umelala.

Kwanza tuelewane kuhusu True Tone, maana wengi huidai kazi isiyo yake. Kuna vihisi upande wa mbele vinavyopima mwanga wa chumba, ukali wake na rangi yake, kisha weupe wa ukurasa unasogezwa ufanane na karatasi iliyo chini ya mwanga huo. Taa ikiwa ya njano, ukurasa unakuwa wa krimu. Taa ikiwa nyeupe kali, kama hizi balbu zinazouzwa kila kona hapa kwetu, ukurasa nao unabaki mweupe, na tableti haina kosa. Umeme ukikatika, chumba kikawa giza tupu, hakuna cha kupima. Hapo kazi ya kuupa ukurasa unjano ni ya Night Shift, ambayo inafuata saa uliyoipangia na haijali taa. Kwa hiyo ukinunua tableti ya True Tone, nunua na balbu ya kando ya kitanda iliyoandikwa 2700K, yaani ya mwanga wa njano. Ile nyeupe kali ya 6500K iache sebuleni.

Sasa mwangaza wa chini sana. Kitelezi kikifika mwisho bado ukurasa mweupe unaweza kuuma macho gizani. Ingia Settings, kisha Accessibility, kisha Display & Text Size, washa Reduce White Point. Hii haigusi taa iliyo nyuma ya kioo, inageuza tu weupe kuwa kijivu. Ndiyo maana mpangilio una maana: kwenye kioo cha kawaida chenye taa nyuma, shusha mwangaza kwanza hadi chini, ndipo upunguze weupe. Ukianza na weupe huku taa ya nyuma iko juu, taa hiyo itaendelea kuvuja kwenye sehemu nyeusi. Maandishi yanafifia na pembe za kioo zinang'aa kama ukungu. Mimi Reduce White Point naiweka karibu asilimia 50. Utajua umezidisha pale nukta na mkato vinapoanza kufanana, ukajikuta unaisogeza tableti puani.

Papo hapo, chini ya ukurasa huohuo, zima Auto-Brightness. Ukilala ubavu, kidole au mto hufunika kihisi, na ukurasa unapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. True Tone haizimiki kwa kufanya hivyo. Halafu nenda Accessibility Shortcut, chagua Reduce White Point, ili ubonyeze kitufe cha Home mara tatu kuiwasha na kuizima. Usiruke hatua hii. Asubuhi moja niliichukua mezani, dirisha liko wazi na jua limeingia, nikaona kioo cheusi. Nikaichomeka chaja nusu saa nikidhani imekufa.

Haya, cha kununua. Sifichi upendeleo wangu: iPad mini, ya tano au ya sita, yenye kioo chake cha asili. Zote zina uzito wa gramu 300 hivi, na hilo utalishukuru siku itakayokuponyoka usingizini ikakuangukia usoni. Ya sita haina kitufe cha Home, kwa hiyo ile mibonyezo mitatu inahamia kitufe cha juu. Mini ya nne inafanana sana na ya tano lakini haina True Tone. Soma namba ya modeli: ya tano ya Wi-Fi ni A2133, ya nne ni A1538.

Ya pili ni iPad ya kawaida ya kizazi cha tisa, ya 2021, ya kwanza katika ukoo wake kupewa True Tone. Ina inchi 10.2 na karibu nusu kilo, basi itahitaji mto juu ya tumbo. Hapa ndipo wauzaji wanapotula. Kizazi cha saba na cha nane vina umbo lilelile, na dukani zote tatu zinaitwa "iPad ten point two", bei ikipangwa kwa uso wa mnunuzi. Za Wi-Fi: A2197 ni ya saba, A2270 ya nane, A2602 ya tisa. Muuzaji akikwambia hazina tofauti, mwulize mbona hauzi ya tisa kwa bei ya saba.

Samsung naiweka ya tatu. Ina Eye Comfort Shield ya unjano, na zenye Android 12 kwenda juu nyingi zina Extra dim, inayofanya kazi ya Reduce White Point. Zile za bei ya juu zenye kioo cha AMOLED, kisicho na taa nyuma, fuata mpangilio wa kinyume: vioo hivyo mara nyingi hushusha mwangaza kwa kuzima na kuwaka haraka sana, na wapo wanaoumwa kichwa. Acha kitelezi juu kidogo, Extra dim ifanye kazi iliyobaki.

Tableti za laki mbili na nusu: nyingi hazina hata kihisi cha mwanga. Za watoto hizo.

Ukienda dukani, beba tochi ndogo ya mwanga wa njano. Hakikisha kitufe cha True Tone kipo, kiwashe, fungua ukurasa mweupe, kisha mulika karibu na kamera ya mbele. Ndani ya sekunde chache ukurasa unapaswa kugeuka krimu polepole. Ondoa tochi, unarudi. Usipogeuka, rudisha pesa mfukoni. Muuzaji mmoja aliponiona nikifanya hivyo aliniambia, "Mama, hii si noti ya bandia." Nilimjibu kwamba noti ya bandia ingenipotezea elfu hamsini tu.