Kipimajoto cha paji la uso au cha kwapani? Uzoefu wangu na mtoto wa wiki 6

Nilinunua kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, ambacho wengi tunakiita bunduki, kwa shilingi 45,000. Sikutaka kumwamsha mwanangu kila ninapompima. Kwa hilo sina neno: sekunde moja tu, namba hiyo. Tabu ni namba yenyewe.

Usiku mmoja alikuwa ananyonya kidogo na kuachia. Mama mkwe akamgusa shingoni akasema, "Huyu ana joto, mwanangu." Bunduki ikasoma 36.4. Nikarudia: 37.1. Mara ya tatu, 36.6. Feni ilikuwa inampuliza na paji lilikuwa limelowa jasho. Kifaa hiki husoma ngozi ya juu kisha hukadiria joto la mwili, na ngozi yenye jasho ikipigwa na upepo hupoa hata kama ndani mtoto anachemka.

Nikatafuta cha dijitali cha shilingi 5,000 nilichopuuza kwenye droo. Nilimkausha kwapa kwa kitambaa, nikaweka ncha katikati kabisa, iguse ngozi tupu na si nguo, kisha nikampakata huku nimebana mkono wake ubavuni mpaka kikalia. 37.9.

Mimi nilikuwa najua homa ni 38, basi. Nesi wa zamu akanielewesha kwamba 38 ni ya kupima kwenye njia ya haja kubwa, ambako husoma karibu zaidi na joto la ndani. Kwapani namba huwa chini kidogo, hivyo homa huhesabiwa kuanzia 37.5. Akaniambia nisijumlishe wala kutoa chochote, nitaje tu namba na mahali nilipopima. Na kwa mtoto wa chini ya miezi 2, ukiona 37.5 hiyo kwapani, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, bila kumpa dawa ya homa kwanza ukangoja ishuke. Ikiwa chini ya 35.5 pia ni hatari; hilo sikuwahi kulisikia.

Alipimwa damu na mkojo, yakakutwa maambukizi ya njia ya mkojo. Tulilazwa. Ningeamini ile 36.4 ningelala.

Cha sikioni sijanunua, tundu la sikio la mtoto mchanga ni jembamba mno. Labda akifika miezi 6. Cha zebaki sikitaki ndani, kikivunjika ni sumu. Cha haja kubwa nawaachia wauguzi.

Bunduki nyota 2, cha kwapani 5, ingawa mtoto akirusha mikono unaanza upya. Ukinunua bunduki, angalia kitufe cha kuchagua mwili au kitu. Changu kilikuja kimewekwa kwenye kitu, kikamsomea mtoto mzima 34. Sasa napimia nacho maji ya kuogea.