Kuhama fezi moja kwenda fezi tatu hapa Tabora: orodha ya mashine ndo ilinichelewesha

Nina mashine ya kusaga na kukoboa maeneo ya Ipuli, kitambo nilikuwa naendesha kwa injini ya dizeli, umeme wa fezi moja ulikuwa wa taa na friji tu. Wateja walivyoongezeka nikaamua kuomba fezi tatu TANESCO.

Fomu yenyewe haina shida: kitambulisho, picha, namba ya mita ya zamani, na mchoro wa waya uliogongwa muhuri na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA. Kazi iko kwenye orodha ya mashine. Mimi nikajaza kienyeji, kinu 20, kukoboa 10, na mashine ya kuchomelea 8 ambayo hata sijanunua, jumla 38, nikaandika kW. Savea wao alivyokuja akageuza kW kuwa kVA, kipimo cha transfoma, 38 gawa kwa 0.8 ni kama 47 kVA, na transfoma ya mtaani kwetu ni ya 50 kVA na kuna nyumba kibao zinaitegemea. Akasema hapo inabidi transfoma nyingine. Nikaishiwa nguvu kabisa.

Kumbe zile 20 na 10 ni HP, nguvu za farasi, siyo kW jamani! Fundi wangu akanipeleka mpaka kwenye kibati cha mota, akakifuta vumbi la pumba kwa kanga ya wife, tukasoma: 15 kW, 400 V, 28 A. Ya kukoboa 7.5 kW. Ya kuchomelea tukaifuta, taa na friji tukaweka 1 kW. Jumla 23.5, yaani kama 29 kVA. Mota zote mbili tumezihesabu pamoja maana mahindi ya huyu yanakobolewa huku ya yule yanasagwa, hapo usijidanganye ukapunguza.

Savea aliporudi akauliza swali ambalo sikulitegemea, mota kubwa inawashwaje? Ikiwashwa moja kwa moja inavuta kama mara sita ya zile 28 A kwa sekunde chache, taa za majirani zinafifia. Tukaonyesha kwenye mchoro stata ya sta-delta, ambayo inashusha mvuto wa kuwashia mpaka kama theluthi, akaridhika. Ombi likapita kwa transfoma ileile, nikapewa kontrol namba nikalipa.

Nilipowaomba wanichekie kundi la bei wakanibakisha T1, T2 ni ya wanaozidi yuniti 7,500 kwa mwezi, mimi bado sana.

TANESCO nawapa nyota tatu kati ya tano. Nimekata mbili kwa sababu mwanzoni dirishani hakuna aliyenigusia habari ya HP na kW, nimepoteza wiki tano hivi hivi. Siku ya kuwasha nayo kinu kikazunguka kinyumenyume, nikajua nimeliwa, fundi akacheka, akazima meini, akabadilishana nyaya mbili za fezi pale kwenye stata, unga ukatoka.