Daftari la wageni: unukuu peke yako au usomewe?

Ukiletewa daftari la getini, tuseme la ofisi pale Milimani, Kisumu, kuna njia mbili za kulinakili kwenye Excel: upige picha kurasa uchape peke yako, au mwenzako asome nawe uchape.

Kwa gharama, peke yako ni nafuu, na picha unaweza kuikuza mwandiko ukiwa mbaya. Hatari ni macho kuruka mstari: saa ya kutoka ya mgeni wa chini inamwangukia wa juu, na aliyesahau kusaini anaonekana ametoka. Hapo msomaji anashinda, mradi kila pengo alitamke "tupu" badala ya kulipita kimya. Ila msomaji akichoka huanza kukisia, na huna picha ya kumsuta.

Njia yoyote ile, saa ya kuingia iwe B, ya kutoka C, kisha D uweke:

```
=IF(C2="","HAJATOKA",IF(C2<B2,"KAGUA",""))
```

Pengo lianze kuulizwa, maana Excel huhesabu seli tupu kama sifuri, na wote wasiosaini wangeitwa KAGUA. Mgeni aliyeingia 11:40 na kutoka 1:05 atapata KAGUA. Askari alimaanisha 13:05. Lakini 2:15 hadi 3:00 itapita, iwe usiku au mchana, kwa hiyo tazama mistari jirani.

Kurasa chache zenye mistari iliyonyooka, fanya mwenyewe. Daftari la mwezi mzima lenye mapengo mengi, mimi ningetafuta msomaji.