Plagi iliingia, betri ikaponea chupuchupu

Baiskeli yenyewe ya umeme sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na duka lililoniuzia chaja ya pili, na huyo kijana wa kaunta.

Chaja ya kwanza ilikufa, nikaenda na betri yangu mkononi. Nikamwambia kabisa: hii ni ya volti 36. Akachukua chaja rafuni, akachomeka, ikaingia. "Kaka, plagi ikiingia, chaja ni yake." Nilipouliza mara ya pili, akageukia simu yake.

Usiku ule niliichaji ukumbini, karibu na mlango. Baada ya muda nikaona taa ya chaja inakuwa kijani, mara nyekundu, mara kijani tena, haitulii. Nikagusa betri: moto, na kwa kawaida huwa vuguvugu tu. Nikachomoa ukutani, nikageuza chaja kusoma lebo. Volti za kutoka: 54.6.

Betri ya volti 36 ina seli 10 zilizofuatana, na kila seli ikijaa haipaswi kuzidi volti 4.2. Kwa hiyo chaja yake hutoa 42. Ile ya 54.6 ni ya betri ya volti 48, yenye seli 13. Gawanya 54.6 kwa 10 uone kila seli ilikuwa inasukumwa kwenda wapi. Taa ilikuwa inacheza kwa sababu saketi ya ulinzi ndani ya betri ilikuwa inakata umeme, volti zikishuka inaruhusu tena, kisha inakata. Hiyo saketi ndiyo iliyoniokoa, si duka. Ingekwama, hakuna kingine ambacho kingezuia seli zisijazwe kupita kiasi hadi ziwake.

Na mimi nilikuwa nimeiweka mlangoni! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Betri ya litiamu ikilipuka mlangoni, waliolala ndani watatokea wapi? Haikuwa imevimba wala kutoa harufu wala mlio wa kufoka, ndiyo maana nilithubutu kuibeba nje. Ingekuwa na dalili hata moja kati ya hizo, nisingeigusa, ningetoa watu na kuita zimamoto. Sasa naichaji kwenye sakafu ya vigae, mbali na pazia na kitanda, tukiwa macho, na nikitoka safari naiacha ipoe kwanza.

Nilitaka kuwapa nyota tatu, maana breki walinitengenezea vizuri na haraka. Lakini niliporudisha chaja, yule yule kijana akasema labda betri yangu ndiyo mbovu. Nikamwonyesha lebo. Akanitolea nyingine. Nikaisoma kabla hajaichomeka: 54.6 tena. Nimefuta nyota mbili.